Kongamano limeisha na karuseli haisomwi: angalia slaidi ya pili

*"Habari kaka. Mimi ndio dada wa mitandao kwenye kamati ya kongamano la wafugaji wa samaki wa vizimba hapa Kisumu. Lilikuwa siku moja, Ijumaa. Jumamosi nikaposti karuseli ya slaidi 10 Instagram: ya kwanza bango letu limeandikwa ASANTE KISUMU, ya pili logo za wadhamini wote, halafu picha za wageni wakiongea, mwisho 'Tukutane tena mwakani'. Laiki ni za wanakamati tu. Mwenyekiti anasema niliposti saa mbaya, tulipie ionekane. Mdhamini mmoja analalamika logo yake imekaa ndogo. Picha nzuri kuliko zote ni ya watoto wa shule waliotuimbia, nikaiacha nje kwa uoga. Na tarehe ya mwakani tumekubaliana lakini ukumbi hatujalipia. Nifute nianze upya? Na tarehe niitaje ama ningoje?"*

Dada, usifute na usilipie, angalau si wiki hii. Tengeneza karuseli ingine, hiyo ya kwanza uiweke Archive siku mpya inatoka, kwa hiyo haitaonekana kwa watu lakini komenti zake zinabaki na unaweza kuirudisha mwenyekiti akiitaka. Kongamano la Ijumaa bado liko kwa midomo ya watu Ijumaa inayofuata, hujachelewa.

Nianze na kulipia juu najua hiyo ndio presha unayopewa na mwenyekiti. Ukilipia, Instagram inaisukuma posti kwa watu wengi zaidi, lakini kilicho ndani kinabaki vile kilivyo. Mfugaji wa Usenge ama Homa Bay ambaye hakuja ataona bango la ASANTE KISUMU, atajiuliza Kisumu imefanya nini, na kabla hajapata jibu kidole kimeshapita. Pesa ya kamati itakuwa imenunua macho ya mtu ambaye hukumpa sababu ya kusimama. Na saa ya kuposti si kitu kikubwa hivyo, inaweza kukupotezea laiki chache za mwanzo lakini haiui kazi iliyo na kitu ndani.

Kinachoamua ni hiki. Posti inaonyeshwa kwanza kwa kikundi cha watu, halafu mtandao unaangalia wamefanya nini nayo. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alisema wazi Januari 2025 vitu vitatu wanavyovipima zaidi: muda ambao mtu amekaa kwa posti, laiki, na watu kuituma kwa wengine. Akaongeza kwamba laiki zinasaidia zaidi kukufikisha kwa wafuasi wako, na kutumana ndiko kunakokusaidia zaidi kufika kwa wasiokujua. Sasa jiulize, kwa slaidi zako 10, ni gani mtu anaweza kumtumia mwenzake wa Dunga amwambie "cheki hii"? Bango la asante hakuna anayelituma. Logo hakuna anayezituma, labda mwenye logo.

Halafu kuna hili la slaidi ya pili, na hapa ndipo naona umeumia zaidi. Mtu akiona karuseli yako akipita bila kuswaipu, Instagram mara nyingi inampa nafasi nyingine baadaye, na safari hiyo inaweza kumfungulia moja kwa moja slaidi ya pili badala ya ya kwanza. Kwa hivyo una majalada mawili, si moja. Jalada lako la kwanza lilikuwa asante, la pili likawa ukuta wa logo. Aliyepita mara ya kwanza alirudishiwa kitu kinachomfukuza tena, na picha za watu wako, zile ulizofanyia kazi, zilikuwa zimekaa kuanzia slaidi ya tatu ambapo wachache sana walifika. Kama hapo mwanzo ungekuwa umeweka kitu cha maana, hata na hiyo saa mbaya ya Jumamosi ungeona tofauti.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Fungua hiyo posti, gusa View insights, uangalie watu waliofikiwa na mara ilizotumwa na kuseviwa, kisha ulinganishe na posti zako zingine za kawaida, si za ukurasa mkubwa wa mtu mwingine. Ikiwa waliofikiwa ni kama siku zote ila kutuma na kusevu ni sifuri, watu waliiona na hawakupata cha kubeba. Ikiwa hata waliofikiwa wameshuka kuliko kawaida yako, kikundi cha kwanza hakikusimama na mtandao ukaacha kuisambaza. Kwa hali zote mbili dawa ni ile ile, kubadilisha kilicho mbele.

Sasa tuijenge upya, na nitatumia kongamano lako lenyewe. Karuseli ya baada ya tukio wengi wanaifanya kama albamu ya wanakamati, na aliyekuwa ukumbini ataipenda tu hata ukiweka nini. Wewe mwandikie yule ambaye hakuja. Yeye anataka kujua kitu kimoja, alikosa nini ambacho kingemsaidia kwa kizimba chake. Nyinyi wa upande wa ziwa mnakumbuka Novemba 2022 samaki walipokufa kwa wingi vizimbani hapo Kisumu, na oksijeni iliyopungua majini ikatajwa kuwa chanzo. Kila mwenye kizimba bado ana hiyo hofu. Kama kwa kongamano mtu aliongea juu ya kupima oksijeni, na sidhani kuna kongamano la vizimba linaisha bila hiyo mada, basi jalada lako ni hilo.

Slaidi ya kwanza iwe picha ya karibu, mkono umeshika kipimo cha oksijeni kando ya maji, na maneno makubwa machache: "Pima oksijeni alfajiri, si saa sita mchana." Kwa chini, herufi ndogo, jina la kongamano na mwaka, na ufanye hivyo kwa kila slaidi. Mfugaji atasimama hapo kwa sababu wengi wanapima mchana jua likiwaka, wanaona namba nzuri wanaenda kulala. Slaidi ya pili ieleze kwa nini, kwa sentensi mbili: mchana mimea midogo ya majini inatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, usiku inaacha kutengeneza na kila kilicho hai ndani ya maji kinaendelea kuitumia, kwa hivyo alfajiri kabla jua halijachomoza ndipo inakuwa chini kabisa. Umeona? Hata yule atakayefunguliwa slaidi ya pili bila kuona ya kwanza ameokota kitu, na hiyo ni posti mtu anaituma kwa grupu ya WhatsApp ya bichi yao bila kuombwa. Ila kabla hujaiposti mtumie aliyetoa hiyo mada asome, juu ukiandika namba ama ushauri uliousikia vibaya ni samaki wa mtu watakaoumia.

Slaidi ya tatu na ya nne ziwe za watu. Hapa ndio utanikasirikia kidogo, lakini picha za mgeni akiwa nyuma ya maiki usiweke zaidi ya moja. Mtu nyuma ya maiki Kisumu anafanana na mtu nyuma ya maiki Nakuru, hakuna kinachoonyesha hii ni siku yenu. Tafuta kwa simu zenu picha ambayo haingeweza kupigwa kwa kongamano lingine: wafugaji wameinama wamezunguka neti iliyotoboka wakibishana, mama ameshika konzi ya chakula cha samaki anakinusa, vijana wanaandika bei kwa mkono. Kapsheni ya juu ya picha iseme kinachoendelea, usiandike "mambo yalivyokuwa". Slaidi ya tano iwe mlichokubaliana, kama kuna mlichokubaliana. Kama hamkukubaliana kitu usitunge, ruka tu.

Hizo ni tano. Instagram inaruhusu mpaka 20 siku hizi lakini huna haja nazo, na mimi kwa kongamano la siku moja sipendi kupita saba ama nane, kwa sababu kila picha dhaifu unayoongeza inampa mtu mahali pa kutokea kabla hajafika kwa tarehe yako.

Kitu kimoja cha ufundi. Karuseli nzima inafuata umbo la slaidi ya kwanza. Kama bango lako lilikuwa la mraba, picha zote za wima zilikatwa juu na chini, na nikikisia, kuna mgeni wenu amekatwa paji la uso. Kaangalie. Tengeneza zote kwa 1080 x 1350, na uweke maandishi mbali kidogo na kingo. Na picha zilizotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabanwa, zikifika zimepoteza uwazi, sura zinakuwa kama zimepakwa mafuta ukizivuta. Mwambie mpiga picha azitume kama dokumenti ama akupe kwa flashi.

Tuje kwa asante na huyu mdhamini. Nafikiri analalamikia ukubwa wa logo lakini shida yake ni kwamba hajaona faida. Inaweza kuwa kweli logo yake inaonekana ndogo, hii hutokea ukizipa zote upana sawa: ile ndefu iliyolala inabaki kamstari kembamba, ile ya duara inajaa. Zipime kwa macho, nafasi inayojazwa na kila moja ilingane, hata kama vipimo vinatofautiana. Kisha ziweke slaidi ya pili kutoka mwisho, kwa mpangilio wa kile mlichoandikiana. Na kabla hujahamisha chochote soma hiyo barua ya udhamini, kama imeandikwa logo itakaa mbele kwa kila tangazo basi imeandikwa, utaifuata ama utamwomba kwa maandishi akubali kubadilisha. Usimfanyie ghafla.

Ila unaweza kumpa kitu kikubwa kuliko logo. Wakati wa kuposti kuna sehemu ya kuwatagi watu, Tag people, ndani yake kuna Invite collaborators, unaweza kualika akaunti mpaka 5. Akikubali, posti hiyo hiyo inatokea kwa ukurasa wake pia, wafuasi wake wanaiona, na laiki na komenti zinahesabiwa pamoja. Mpigie simu kabla, umwambie mtu wao wa mitandao akae tayari, kwa sababu asipokubali mwaliko hakuna kinachotokea, na nimeona mialiko mingi ikikaa hapo mpaka tukio likasahaulika. Na hapo utaona faida nyingine ya kubadilisha jalada, kampuni itakubali kwa haraka posti inayofundisha kupima oksijeni kuliko ile yenye logo za wapinzani wake slaidi ya pili. Wale wadhamini wengine watagi kawaida. Halafu kando kabisa na Instagram, mtumie kila mdhamini baruapepe yenye picha tatu ama nne ambapo bango lake linaonekana na watu wako hapo wanafanya kitu, hiyo ndiyo atampelekea bosi wake wakati wa kuomba bajeti ya mwakani.

Asante za watu ziandike kwa kazi waliyofanya. "Asante kwa wote waliofanikisha" haimshukuru mtu. Andika kwa kapsheni: BMU, kamati ya bichi, iliyotupatia boti za kwenda kuona vizimba, akina mama waliopika samaki na kusubiri mpaka mtu wa mwisho akala, vijana waliobeba viti. Watu hao ndio watatuma posti nyumbani kwao. Kumbuka kapsheni inakatwa baada ya mistari michache, kwa hivyo mstari wa kwanza uwe wa oksijeni, asante zifuate chini kwa nafasi yake.

Kuhusu watoto, uoga wako ulikuwa sawa na nakushukuru. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi ama mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya sura yake imo. Hii si karatasi tu, Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data, ODPC, ilitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi, na siku hizo hizo klabu moja ya Nairobi ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja mtu mzima ambaye hakukubali. Mwalimu aliyewaleta kusema "hakuna shida" haitoshi. Una njia mbili za ukweli. Moja ni kupitia shule mpate ruhusa ya wazazi iliyoandikwa, inayosema picha itawekwa wapi na ya nini, na hiyo inachukua siku, karuseli yako haitaingoja, utaiposti peke yake baadaye. Ya pili ni kutumia picha iliyopigwa kutoka nyuma ya kwaya, visogo vyao na ukumbi umejaa mbele yao, bila jina la shule na bila sare yenye beji. Mimi ningechukua ya pili. Kuweka emoji juu ya sura naona haipendezi na wakati mwingine mtoto bado anatambulika kwa mwili na sare.

Kwa watu wazima waliokaa ukumbini, kama kwa mlango ama kwa fomu mliandika picha zitapigwa na zitawekwa mitandaoni, mko mahali pazuri zaidi, ila mtu akikuandikia toa picha yangu, itoe siku hiyo hiyo. Instagram inakuruhusu kuondoa slaidi moja bila kufuta karuseli nzima. Ikiwa tayari kuna mzazi ama mtu amelalamika kwa barua, ama ametaja ODPC, hapo usijibu kwa inboksi, kamati imuone wakili ana kwa ana na hiyo barua mkononi.

Mwisho tarehe. "Tukutane tena mwakani" haimwambii mtu afanye nini, na kutaja siku kamili wakati ukumbi haujalipiwa ni hatari kubwa kuliko unavyofikiria. Kapsheni unaweza kuihariri, slaidi unaweza kuiondoa, lakini maandishi yaliyo ndani ya picha huwezi kuyabadilisha baada ya kuposti, na ile picha watu walioisevu itazunguka grupu za WhatsApp miezi yote. Tarehe ikibadilika, kuna mfugaji atapanda matatu kutoka Mbita akute ukumbi una harusi.

Kwa hivyo mna machaguo mawili tu ya kweli. La kwanza, kamati ilipe amana kabla ya Ijumaa mpate risiti, na tarehe ikae kubwa slaidi ya mwisho. La pili, msipoweza, taja mji na mwezi peke yake na uombe watu wajiandikishe sasa ili wapate siku kamili kwa simu. Na kabla hata ya kulipa angalieni kalenda: kama mwakani yenu ni 2027, uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na wiki za karibu na hapo usitegemee kupata hoteli, msemaji wa serikali wala utulivu wa watu. Novemba kuna mitihani ya KCSE, kumbi za shule na walimu wanakuwa hawapatikani. Oktoba 20 na Desemba 12 ni sikukuu, wengine wanapenda hizo wikendi na wengine wanasafiri, ulizeni wafugaji wenyewe.

Hiyo slaidi ya mwisho pia iwe na sababu ya kurudi. Kila kongamano lina swali lililobaki hewani watu wakaanza kubeba mikoba, na kwa vizimba nadhani ni bei ya chakula. Weka picha ya gunia la chakula, andika: "Bei ya chakula hatukuimaliza. Mwakani tunaanza hapo." Chini yake mji na mwezi, na maneno ya kufanya: "Andika CHAKULA kwa komenti tukutumie siku kamili." Liweke neno moja rahisi, halafu uhakikishe kuna mtu wa kujibu hizo komenti, kwa sababu mtu akiandika na asijibiwe umempoteza kabisa. Usiweke linki ndani ya kapsheni ya Instagram, haifunguki ukiigusa, iweke kwa wasifu wa ukurasa.

Na hawa wafugaji wenyewe, nikuambie ukweli, wengi hawako Instagram. Huko utawapata wadhamini, mashirika, wanafunzi na waandishi. Mfugaji yuko Facebook na WhatsApp, kwa hivyo slaidi hizo hizo zipeleke huko, na ndio sababu nilikuambia jina la kongamano likae kwa kila slaidi, huko zinatumwa moja moja bila wenzake. Ya oksijeni na ya mwisho ndizo uweke kwa status, siku mbili tofauti kwa sababu status inaisha baada ya saa 24.

Kama baada ya siku tatu au nne karuseli mpya imetumwa na kuseviwa kuliko kawaida yako, hapo sasa mwambie mwenyekiti atoe hela, mlipie kidogo mkichagua kaunti za kando ya ziwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia. Na risiti ya ukumbi ikifika, usiihariri hii. Tengeneza posti mpya ya tarehe peke yake, halafu urudi kwa kila aliyeandika CHAKULA umjibu pale pale chini ya komenti yake na siku kamili.